Jinsi nilivyotenganisha Gmail ya benki na laini ya simu

Laini moja ilipokea namba za uthibitisho za benki na pia za Gmail iliyosajiliwa benki. Tapeli akihamishia laini hiyo kwenye kadi yake ya simu, anavipata vyote viwili.

Kwenye myaccount.google.com, ndani ya "2-Step Verification", niliunganisha kwanza Google Authenticator, programu inayotoa namba za uthibitisho bila SMS, nikaijaribu, ndipo nikaondoa namba ya simu. Ukianza kwa kuiondoa, unaweza kujifungia nje. Niliifuta pia kwenye "Recovery phone", namba ya kurejesha akaunti, njia ambayo wengi huisahau.

"Backup codes", namba za akiba za kuingilia ukikosa Authenticator, ni 10, kila moja hutumika mara moja. Ziandike karatasini, mbali na simu. Ukitengeneza mpya, za zamani hazifanyi kazi tena.

PIN ya laini husaidia simu ikiibwa, haizuii laini kuhamishwa. Mtandao ukipotea ghafla kwako tu, huenda laini imehamishwa; pigia benki kwa simu nyingine mara moja.