Barua ya kuwaalika wazazi kwenye alasiri ya sayansi na michezo: jinsi ninavyoiandika

Mzazi wa shule ya msingi akipokea barua yenye muhuri wa mwalimu mkuu, mawazo mawili humjia kabla hajaifungua: mtoto amefanya kosa, au kuna mchango. Elimumsingi bila malipo ilianza Tanzania mwaka 2016, lakini hisia hiyo bado ipo, na mzazi mwenye hisia hiyo huiweka barua juu ya kabati hadi siku ipite. Kwa hiyo ninapoandika mwaliko wa alasiri ya sayansi na michezo, sentensi ya kwanza huziondoa hofu hizo zote mbili. Maelezo ya faida za sayansi siyaweki kabisa. Mzazi anataka kujua aje saa ngapi, na nani, abebe nini, na akifika atafanya nini.

Kabla ya kuandika neno lolote ninapanga nafasi, kwa sababu barua haiwezi kuahidi kisichotosha mezani. Nina shughuli nne: kupima vitu vya jikoni kwa maji ya rozela yanayobadilika rangi kwenye asidi na besi, kujaza puto kwa siki na soda, bao, na mdako. Kila shughuli ina vituo viwili, na kila kituo kinachukua familia nne. Hiyo ni familia 32 kwa wakati mmoja. Kila kituo ni dakika 15 za kufanya na 5 za kuhama na kufuta meza, kwa hiyo familia inamaliza vituo vinne kwa dakika 80. Nikiweka zamu mbili ninapokea familia 64. Ikizidi hapo watu wanasimama nyuma wakiangalia migongo ya wenzao, na mzazi aliyefunga duka ili aje anaondoka hajashika kitu.

Siku ninayoichagua ni Ijumaa, kuanzia saa 8:00 mchana. Swala ya Ijumaa huwa imekwisha, na Wasabato wanabaki na muda wa kufika nyumbani kabla jua halijazama. Swala ya alasiri huangukia zamu ya pili, kwa hiyo ninatenga darasa moja lenye mikeka na ndoo ya maji, na barua inalitaja. Kitu kimoja kidogo lakini kizito: saa naiandika kwa Kiswahili na neno lake, “saa 8:00 mchana”. Ukiandika 2:00 kama simu inavyoonyesha, wapo watakaosoma saa mbili, na watakuja asubuhi.

Hii ndiyo barua yenyewe. Inaenea nusu ya karatasi ya A4, kwa hiyo karatasi moja inatoa barua mbili, na gharama ya kudurufu inapungua nusu.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: MWALIKO WA ALASIRI YA SAYANSI NA MICHEZO

Mtoto wako hana kosa lolote, na hakuna mchango unaoombwa. Tunakualika uje ufanye majaribio ya sayansi na kucheza michezo pamoja naye, Ijumaa tarehe ........, hapa shuleni.

Chagua zamu moja. Zamu ya kwanza ni saa 8:00 mchana hadi saa 9:20 alasiri. Zamu ya pili ni saa 9:30 alasiri hadi saa 10:50 jioni. Mahali pa kuswali patakuwepo.

Mtoto aje na mtu mzima mmoja au wawili: mzazi, mlezi, bibi, babu, shangazi, mjomba, au kaka na dada waliomaliza shule. Wadogo zake wanakaribishwa. Huhitaji kujua kusoma wala kuwa umesoma sayansi.

Njoo na nusu kikombe cha kitu kimoja cha majimaji kutoka jikoni ambacho mngependa kukipima: ndimu, ukwaju, maziwa, maji ya majivu, maji ya mchele, maji ya kisima au kingine. USILETE jiki, dawa ya choo, dawa ya wadudu wala maji ya betri.

Anayejua bao au mdako atusaidie kufundisha. Jaza kipande cha chini, mtoto akirudishe kabla ya Jumatano tarehe .........

Mwalimu Mkuu (sahihi na muhuri)

Kata hapa. Jina la mtoto ........ Darasa ........ Watu wazima ........ Watoto ........ Zamu: ya 1 / ya 2. Tutaleta ........ Ninajua: bao / mdako.

Barua inatoka wiki mbili kabla, na Jumatano ya kurudisha kipande ni ile ya wiki iliyotangulia siku yenyewe, ili nibaki na siku za kutosha za kwenda sokoni. Mstari wa “tutaleta” ndio ninaoulinda kuliko yote. Mzazi anayekuja mikono mitupu huona amekuja kutazama. Aliyebeba maji ya kisima chake ana swali lake mwenyewe, na mtoto ameanza kubishana naye njiani kuhusu rangi itakayotokea. Mstari huo pia unaniwezesha kumfuata aliyeandika kitu kisichofaa kabla hajakileta.

Katazo la jiki na dawa ya choo lina sababu mbili. Jiki ikichanganyika na dawa ya choo yenye asidi, hata na ndimu au siki, hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na mezani kuna vikombe vingi vya asidi karibu karibu. Pia jiki huua rangi ya rozela, kwa hiyo jibu lake ni la uongo: kimiminika kinapauka, na mtu anadhani amepata matokeo. Sababu siziandiki kwenye barua kwa kukosa nafasi, lakini darasani nawaeleza watoto, nao hulifikisha vizuri nyumbani. Mlangoni kuna mwalimu anayenusa na kuuliza kila kikombe kina nini.

Vipande vikirudi ndipo hesabu inapoanza. Tuseme familia 60 zimekubali. Kila familia inapima vikombe vitatu: kitu chake, ndimu, na maji ya magadi, hivyo ni vipimo 180. Kila kipimo ni vijiko viwili vya chai vya kimiminika na kijiko kimoja cha chai cha maji ya rozela. Kijiko cha chai ni takriban mililita 5, kwa hiyo nahitaji mililita 900 za maji ya rozela. Natengeneza lita 2, kwa kuwa nyingine itamwagika na nyingine itanywewa na watoto. Gramu 20 za maua makavu ya rozela, yaani choya, naziloweka kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka kwa dakika 15, nachuja, kisha naongeza lita moja na nusu ya maji baridi. Naifanya asubuhi ya siku hiyo, maana ikilala kwenye joto inaanza kuchacha.

Kuiongeza maji si ubahili. Rozela yenyewe ni asidi. Ikiwa nzito, uchachu wake unameza besi dhaifu kama maji ya sabuni ya mche, na kikombe kinabaki chekundu wakati kilipaswa kugeuka. Ikiwa nyepesi kama juisi iliyozidi maji, magadi na maji ya majivu huigeuza kuwa kijani au buluu-kijani mara moja. Ndimu hukoleza wekundu tu, na wazazi wengi huona haikufanya kitu. Ndiyo maana kila meza ina kikombe cha maji matupu yenye rozela, ili kila kingine kilinganishwe nacho. Maziwa na maji ya ukwaju yana rangi yake, basi yanawekewa kikombe cha pili kisicho na rozela. Vikombe ni vitako vya chupa za maji zilizokatwa, vikiwa juu ya karatasi nyeupe. Kwenye kikombe cha rangi hutaona kitu. Maji ya majivu na magadi yanawasha macho, kwa hiyo anayemimina ni mtu mzima, na maji safi yako karibu.

Puto ni rahisi zaidi. Vijiko vinne vya mezani vya siki kwenye chupa ya nusu lita, kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea ndani ya puto, puto linavishwa mdomoni mwa chupa kisha linainuliwa soda imwagike. Kaboni dayoksaidi inayotoka hulijaza. Familia 60 zinatumia kama lita 3.6 za siki, nanunua 4. Puto lisipojaa, chunguza mambo mawili: limevuja shingoni, au umeuziwa baking pauda badala ya soda ya kuokea. Baking pauda ina wanga na asidi yake ndani, gesi yake ni kidogo. Mwambie muuza duka akuonyeshe maandishi kwenye pakiti.

Kwa bao sitegemei mchezo kamili wenye namu, ile hatua ya kuingiza kete moja moja. Dakika 15 hazitoshi hata kueleza shimo liitwalo nyumba. Tunacheza la kujifunza: mashimo 32 kwa safu nne za manane, kila shimo kete mbili, jumla 64. Kila kituo kina mabao mawili yaliyochorwa kwenye maboksi, hivyo mabao manne yanataka kete 256 za komwe. Waliojiandika “ninajua bao” nawapangia kukaa kama walimu katika zamu ambayo si ya familia yao, la sivyo mjukuu wao atazunguka peke yake. Mdako unahitaji mkeka, kokoto na bibi mmoja anayeujua, na hapo mimi sina la kuongeza.

Barua peke yake haifiki. Hukaa ndani ya daftari, na walezi wengine hawasomi kwa urahisi. Siku ya kuigawa ninaisoma darasani mara mbili, kisha watoto wawili wawili wanaelezana kwa maneno yao: siku gani, saa ngapi, ubebe nini, usilete nini. Asiyeweza kusema manne hayo hajaelewa, tunarudia. Siku moja kabla natuma ujumbe kwa simu, mfupi wa herufi chini ya 160 ili ulipiwe kama mmoja:

Ndg mzazi, kesho Ijumaa Alasiri ya Sayansi na Michezo shuleni. Zamu ya 1 saa 8:00 mchana, ya 2 saa 9:30 alasiri. Njoo na mtoto. Hakuna mchango. Mwl. Mkuu

Zamu moja ikijaa wakati nyingine ina nafasi, nawahamisha wale tu walioandika mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, kwa sababu familia kubwa imeshapanga nani abaki na mtoto mchanga, na nawapigia simu badala ya kutuma ujumbe. Na nafasi nne kati ya zile 64 sizigawi kabisa. Ni za watakaokuja bila kipande: mtoto aliyepoteza barua yake njiani, na mzazi aliyesikia kwa jirani.