Nilivyolinyamazisha grupu la kazi, nikabaki nasikia ninapoitwa tu

Grupu letu la kazi la WhatsApp lina watu wa ofisi ya Dodoma mjini, madereva, na watunza stoo wa Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Alfajiri ni "shikamooni" na "amina", mchana picha za mizigo, jioni michango ya harusi. Katikati ya hayo yote hupita sentensi moja inayokuhusu wewe: gari limebadilishwa, au hesabu ya magunia haijakaa sawa. Kutoka kwenye grupu haiwezekani, na kuacha simu ilie kutwa nako ni adhabu. Nimelinyamazisha moja kwa moja, na simu hulia pale tu ninapotajwa.

Hakuna programu ya kuongeza. Fungua grupu, gusa vidoti vitatu juu kulia, chagua "Mute notifications", kisha "Always". Kwenye aifoni gusa jina la grupu utaikuta humo ndani. Muda wa "8 hours" na "1 week" unafaa kwa msiba au likizo. Kwa grupu la kazi utajikuta unarudia kila mara. Ukimaliza, alama ya kengele iliyokatwa hutokea pembeni ya jina la grupu. Ujumbe unaendelea kuingia kama kawaida, ila simu haitoi sauti, isipokuwa kwa mambo mawili: mtu akikutagi, au akijibu ujumbe wako kwa kuutelezesha kulia. Hilo la pili wengi hawalijui. Anayekujibu "asante mkuu" kwa njia hiyo anaiamsha simu yako sawasawa na anayekuuliza gari liko wapi. Kwetu shukrani sasa hutolewa kwa kubandika kidole gumba juu ya ujumbe.

Nimeliwekea pia grupu hilo mlio wake, tofauti na wa ujumbe mwingine. Kwa kuwa limenyamazishwa, mlio huo ukisikika najua kuna mtu ananiita humo. Angalizo: mlio ukiuweka "None", au ukizima taarifa za magrupu kwenye mipangilio ya simu yenyewe, hata kutajwa hutakusikia. Kunyamazisha kufanyike ndani ya WhatsApp, kwa grupu hilo tu.

Sasa upande wa anayetagi, ambako ndiko mambo huharibika. Kutagi si kuandika jina. Unaandika @, unafuatisha herufi za mwanzo bila kuacha nafasi, orodha ya wanachama inatokea, unagusa jina. Likibadilika rangi, limeshika. Ukiandika "@Stoo Mpwapwa" yote kwa mkono bila kugusa orodha, hayo ni maneno ya kawaida, na simu ya Mpwapwa haitalia. Ukiacha nafasi baada ya @, orodha haiji. Na kama jina halimo kwenye orodha kabisa, huenda mtu huyo amebadilisha namba au ameshatoka kwenye grupu. Angalia wanachama kabla ya kumlaumu.

Orodha hiyo hutumia majina uliyohifadhi wewe. Ndiyo maana watu wa kazi nimewahifadhi kwa kituo na kazi: "Stoo Kongwa", "Dereva Kondoa". Nikiandika @sto tu, wote wa stoo wanajipanga. Usiogope jina la utani ulilompa mtu kwenye simu yako, kwa sababu kila msomaji huona jina alilohifadhi yeye mwenyewe, au lile ambalo mhusika amejiandikia.

Kosa jingine ni kutuma ujumbe, kukumbuka kwamba hukutagi, kisha kuuhariri na kuongeza jina. Kuhariri unaruhusiwa ndani ya dakika 15, ila hakutumi taarifa mpya kwenye simu ya mwenzio. Jina litaonekana limekaa vizuri, na simu haikulia. Tuma ujumbe mpya.

Ujumbe wenyewe ubebe kila kitu, kwa sababu anayeamshwa na tagi hajafuatilia mazungumzo ya juu. Mfano wa asubuhi moja: "@Stoo Mpwapwa, shikamoo mama. Gari la kuchukua alizeti linatoka Dodoma saa 3. Naomba magunia 40 yawe yameshonwa na kupimwa. Nijibu kabla ya saa 2:30." Yeye amenyamazisha grupu, lakini simu inalia, anasoma kila kitu palepale. Linganisha na "@Stoo Mpwapwa vipi ile kitu?" Huyo itabidi apande juu ya picha 30 kutafuta ni kitu gani. Ukichelewa kuufungua ujumbe, alama ya @ hukaa pembeni ya grupu kwenye orodha ya mazungumzo, na ukiingia ndani kuna kitufe cha @ kinachokupeleka moja kwa moja ulipotajwa.

Kuwatagi watu wote ndiko kunakoubomoa mpango huu. Wapo wanaogusa jina moja moja mpaka wamalize, na kama kwenye simu yako orodha ya @ inatoa chaguo la kuwataja wote kwa mpigo, kazi ni ya sekunde moja. Tagi ya namna hiyo inapenya hata kwa waliolinyamazisha grupu. Ikitumika kwa "tukumbuke mchango wa mwenzetu", baada ya muda watu wanazoea kwamba mlio ule hauna uzito, na siku ya jambo la kweli hakuna anayeinua simu. Kwetu admini walikubaliana hivi: wote hutajwa pale tu kila mmoja anapotakiwa kufanya jambo siku hiyohiyo, kwa mfano kikao kimehamishwa kutoka mjini kwenda Mtumba. Likiwahusu watatu, watatu hao ndio wanaotagiwa. Matangazo ya kawaida yana grupu la pili ambalo kwenye "Group permissions" wanachama wameondolewa ruhusa ya kutuma ujumbe. Hilo sijalinyamazisha, na halina kelele.

Jaribu kabla ya kuamini. Funga kioo cha simu, mwombe mwenzako atume ujumbe wa kawaida, kisha wenye tagi yako, kisha akujibu ujumbe wako wa zamani. Kwa ule wa kwanza simu isilie, kwa miwili inayofuata ilie. Isipolia, angalia kama simu iko kwenye "Do not disturb", kisha mpangilio wa kubana betri: simu nyingi huizima WhatsApp ikikaa nyuma bila kuguswa, na taarifa zote zinamiminika ukiifungua. Iruhusu itumie betri bila kizuizi, na data ya nyuma ya pazia isizuiwe.

Halafu kuna la bando. Watu wengi huzima data wasipoitumia, na hapo hakuna tagi itakayowafikia. Tiki za kwenye grupu hazikusaidii kumjua mmoja, kwa sababu tiki mbili hazionekani mpaka wanachama wote wawe wamepokea. Bonyeza ujumbe wako kwa muda, chagua "Info", utaona waliofikiwa na waliosoma, kila mmoja kwa jina. Mtu wa Mpwapwa asipokuwemo hata kwenye "Delivered to" na saa 2:30 inakaribia, acha kutagi tena. Mpigie simu ya kawaida.