Sikio langu la kushoto lilipopata kraisisi

Nina selimundu ya aina ya SS, na tangu utotoni nimejua kraisisi, yaani shambulio la ugonjwa huu, kama maumivu: mgongo, mapaja, vifundo, kifua. Ya sikio sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Nayo ina ujanja wake, maana haiumi hata kidogo.

Ilinipata kipindi cha masika, nimetoka hospitali juzijuzi kwa homa na maumivu ya miguu. Niliamka sikio la kushoto limeziba, kama mtu aliyetoka kuogelea, na ndani yake kuna mlio mwembamba usiokatika. Nikaenda kazini hivyohivyo. Mimi ni wakala wa pesa za simu Tandika, nakaa dirishani upande wa barabara, na siku hiyo nilikuwa naona midomo ya wateja ikicheza kuliko ninavyowasikia. Mteja akisema "elfu sita" naandika tisa. Mwingine akisema tisa namuuliza, "Sita?" Simu nikiiweka sikio la kushoto nasikia mtu anaguna tu, nikihamishia la kulia anasikika vizuri.

Jioni mama akasema, "Lete nikutie mafuta ya uvuguvugu, hiyo ni nta." Zahanati ya mtaani nao wakanipa matone ya sikio na antibayotiki, bila kuchungulia ndani ya sikio. Ukweli ni kwamba mara nyingi sikio likiziba huwa ni nta au mafua, kwa hiyo kila mtu anaanzia hapo. Ila mtu mwenye selimundu hafai kukaa wiki nzima akisubiri nta ilainike.

Aliyenishtua ni nesi wa kliniki yetu ya selimundu. Nilimpigia kuulizia tarehe ya dawa, nikamtajia sikio kwa kupita tu. Akaniambia, "Dada, funga mdomo uungurume, mmmmm. Sauti unaisikia upande gani?" Nikaunguruma. Mlio wote ulikwenda kulia, kwenye sikio zima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo leo. Usingoje kesho."

Jaribio hilo lina maana yake. Sikio likizibwa na nta au maji, mngurumo wako mwenyewe unasikika zaidi upande ulioziba. Jaribu kuziba sikio moja kwa kidole uone. Mlio ukikimbilia upande mzima, tatizo huenda liko ndani zaidi, kwenye sikio la ndani au mshipa wa fahamu wa kusikia. Jibu la uhakika halitoki hapo, lakini linatosha kumtoa mtu nyumbani. Hospitali daktari wa masikio, pua na koo alifanya jambo lilelile kwa uma wa sauti. Aliugonga, akausimamisha katikati ya paji la uso wangu, na sauti ikaenda kulia tena. Alipochungulia, ngoma ya sikio ilikuwa safi, haina nta wala usaha.

Nikapelekwa kwenye kipimo cha usikivu. Unaingia kwenye kijichumba kisichopitisha kelele, unavaa hedifoni, na kila ukisikia mlio, hata uwe hafifu vipi, unabonyeza kitufe. Baadaye wanakuwekea kifaa kidogo kinachotetema kwenye mfupa nyuma ya sikio, ili sauti ifike ndani bila kupita kwenye tundu la sikio. Ingekuwa nta, kwa njia ya mfupa ningesikia vizuri. Mimi njia zote mbili zilikuwa mbaya sawasawa. Karatasi ilionyesha sikio la kulia linasikia kuanzia desibeli 15 hadi 20, ambayo ni kawaida. La kushoto lilihitaji desibeli 45 kwenye milio minene, 65 kwenye hezi 2000, na 75 kwenye hezi 4000. Madaktari huliita tatizo hili uziwi wa ghafla pale usikivu unaposhuka kwa desibeli 30 au zaidi kwenye milio mitatu inayofuatana, ndani ya saa 72. Yangu ilitosha kabisa. Nikaelewa pia kwa nini sita na tisa zilinichanganya: irabu zake ni zilezile, zinazozitofautisha ni sauti kali za "s" na "t", na hizo ziko juu, mahali nilipopoteza zaidi.

Daktari wa damu ndiye aliyenieleza kilichotokea. Sehemu inayosikia imejikunja kama konokono, inaitwa koklea, na inalishwa na mshipa mmoja mwembamba wa damu. Sehemu nyingine za mwili mshipa ukiziba, damu huweza kuzunguka kwa njia ya pembeni. Koklea haina njia hiyo. Chembe nyekundu zilizokosa oksijeni zikajikunja umbo la mundu, zikakakamaa na kunata, zinaweza kukwama humo, na seli za kusikia ni miongoni mwa zinazokula oksijeni kwa wingi. Zikikosa damu, nyingine hufa na hazioti tena, nyingine huzimia tu na huweza kuamka damu ikirudi mapema. Haraka yote ni kwa ajili ya hizo zilizozimia. Aliongeza kwamba mara nyingine mshipa hauzibi, unavuja damu ndani ya sikio, na kwamba wenye aina ya SC, ambao kwa kawaida wanaonekana wana nafuu kuliko sisi wa SS, nao wanapata shida hii kwa sababu damu yao ni nzito.

Kabla ya matibabu walitaka kwanza kuhakikisha si kiharusi, kwa sababu mshipa unaolisha sikio la ndani kwa kawaida ni tawi la mshipa unaolisha pia sehemu ya nyuma ya ubongo. Waliniuliza kama dunia inazunguka, kama natapika, kama naona vitu viwili viwili, wakanitazama uso kama umepinda na mwendo wangu kama unayumba. Sikuwa na hayo. Nilifanyiwa kipimo cha MRI, ambacho hutazama kiharusi, damu iliyovuja na uvimbe kwenye mshipa wa fahamu. Hakukuwa na kimojawapo.

Ubishi ulikuja kwenye dawa. Mtu mwingine mwenye uziwi wa ghafla hupewa vidonge vya steroidi kwa dozi kubwa, na inafaa aanze ndani ya wiki mbili za kwanza. Kwa mwenye selimundu vidonge hivyo vina hatari yake: ukivimaliza, maumivu makali yanaweza kurudi kwa nguvu na kukulaza. Daktari wa masikio na daktari wa damu walizungumza mbele yangu, na hilo nililipenda. Wakakubaliana steroidi isipite mwilini mwote, ichomwe sikioni.

Sindano ya ngoma ya sikio inatisha ukiisikia kuliko ukiipata. Unalala ubavu, sikio bovu juu, wanakuganzisha ngoma, kisha wanapitisha sindano ndefu nyembamba na kuweka steroidi ya deksamethasoni nyuma yake. Nilihisi baridi, halafu kizunguzungu kifupi. Baada ya hapo unabaki hivyohivyo kama nusu saa, huongei, humezi mate ovyo, ili dawa isitelemkie kooni na badala yake ipenye kuingia ndani. Nilirudi kwa awamu kadhaa, zikiachana kwa wiki.

Upande wa damu, walinipa maji ya mshipa, kisha wakanibadilishia damu. Kubadilisha ni tofauti na kuongeza. Kiwango changu cha damu kilikuwa 7.6, na kuniongezea kwa wingi bila kutoa kungeifanya iwe nzito zaidi. Wanakwepa kuvuka 10. Kwa hiyo nesi alitoa damu yangu mkono mmoja, na ya mchangiaji ikaingia mkono wa pili, chupa kwa chupa, polepole, huku presha ikipimwa. Lengo lilikuwa himoglobini ya mundu, HbS, ishuke chini ya asilimia 30. Mjomba na wenzake wa kijiweni walikuja kuchangia. Daktari hakunificha: kubadilisha damu kwa ajili ya sikio kunategemea zaidi taarifa za wagonjwa mmojammoja, hakuna utafiti mkubwa unaothibitisha, na wapo waliotibiwa mapema wasipate chochote.

Mimi nilipata nusu. Kipimo kilichofuata milio minene ilirudi hadi desibeli 25, ya hezi 2000 ikafika 45, lakini ile ya 4000 iligoma kwenye 65 na mpaka leo iko hapo. Mlio sikioni umepungua, ingawa usiku ukiwa kimya bado naupata.

Sasa navaa kifaa cha kusikia upande wa kushoto. Dar na vifaa hivi hawapatani. Jasho linaingia kwenye kibomba, sauti inakatika mchana wa joto, na betri zake zinahitaji hewa ili zifanye kazi, kwa hiyo ukibandua stika unaiacha dakika moja kabla ya kuiingiza. Kila usiku nafungua mlango wa betri, nafuta kwa kitambaa kikavu, nakiweka kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kazini nimehamisha kiti: sikio la kulia ndilo linaloelekea dirishani, na mteja namwomba aandike kiasi kwenye kikaratasi. Kuvuka barabara ndiko kugumu zaidi. Kwa sikio moja zuri unasikia honi ya bodaboda lakini hujui inatoka wapi, na kifaa hakijanitatulia hilo, kwa hiyo nageuza kichwa pande zote mbili hata barabara ikionekana tupu.

Wenzangu wa kliniki wamenisimulia namna nyingine, ya polepole. Haina asubuhi ya kuamka kiziwi. Televisheni inapandishwa sauti, mtoto anaambiwa shuleni ni mzembe, "nini?" zinaongezeka. Visehemu vidogo vinaziba kidogokidogo kwa miaka, na milio myembamba ndiyo inayotangulia kupotea. Bila karatasi ya zamani ya kulinganisha, daktari hawezi kujua kama usikivu unashuka. Ndiyo maana napima kila mwaka hata sikio la kulia, na karatasi zote nimezitoboa kwenye faili moja na za damu. Mwaka huu la kulia lilionyesha 25 kwenye hezi 4000, mwaka jana 20. Daktari alisema tofauti ya desibeli 5 inaweza kuwa ya kipimo chenyewe, turudie baada ya miezi sita. Haidroksiyurea, dawa ya selimundu, nameza kila siku kwa ajili ya mwili mzima, na picha kamili ya damu inafuatiliwa. Kwamba italinda sikio hakuniahidi.

Nikilazwa, jambo la kwanza kumwambia daktari wa zamu, kabla hata ya kutaja maumivu yako wapi, ni kwamba usikivu wangu umepungua, na kama kuna dawa mbadala wa antibayotiki za jentamaisini au amikasini naomba hiyo. Hizo zinaua seli zilezile za koklea. Kwinini nayo huleta mlio masikioni. Wanaoongezewa damu mara kwa mara na kuchomwa desiferoksamini ya kutoa chuma wanahitaji kipimo cha sikio pia, maana dozi ikizidi inaharibu usikivu. Haya yote nimeyaandika kwenye jalada la kadi yangu ya kliniki kwa kalamu nyekundu, kwa sababu siku ya kraisisi kali sitaweza kuyasema.