Wiki nne za OS: nilivyopanga kusoma huku napiga shifti

Leo Jumamosi, mtihani wa OS, lile somo la mifumo endeshi ya kompyuta, ni keshokutwa, naandika yote ya hizi wiki nne kabla sijasahau, maana mpango niliouanza siku ya kwanza na niliofika nao mwisho ni vitu viwili tofauti.

Hali yangu iko hivi: nafanya kazi steshenari karibu na chuo, shifti nne kwa wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Kosiweki yangu ya OS haikukaa vizuri na sapu siitaki kabisa, kwa sababu kipindi cha sapu ndo kipindi ambacho dukani wananitegemea.

Mwanzo nilipanga kusoma usiku nikitoka kazini, saa tatu hadi saa tano. Siku tatu tu ikafa. Nilikua nafungua slaidi nasoma ukurasa uleule mara nne, umesimama fotokopi masaa sita kichwa hakishiki kitu. Nikahamishia alfajiri, saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na nusu, siku tano kwa wiki, na Jumapili masaa manne, jumla masaa 14. Kitu cha pili nilichobadilisha ni slaidi zenyewe. Nikaziacha nikachukua pasipepa, nalijibu swali kwa kalamu kwanza, nikikwama ndo naenda kwenye slaidi, na kila kosa linaingia kwenye daftari lake pamoja na sababu yake.

Wiki ya kwanza, skejuling, yani kupanga prosesi ipi itumie prosesa na lini. Mi nilidhani hii naijua, foleni tu si ndio. Nikatunga swali la raundi robini, ile ya kila prosesi kukimbia kwa zamu kwa muda usiozidi kwantamu, na hapa kwantamu ni 2: prosesi A inafika muda 0 inahitaji 5, B inafika 1 inahitaji 3, C inafika 2 inahitaji 1. A inaanza, inakimbia 0 hadi 2. Sasa hapo kwenye 2 kuna vitu viwili kwa mpigo, A imemaliza kwantamu yake inarudi kwenye foleni na C ndo inaingia, nani anatangulia? Nilikua sijawahi kujiuliza. Ukimtanguliza mgeni foleni inakua B, C, A, na chati inatoka hivi:

```
A 0-2 | B 2-4 | C 4-5 | A 5-7 | B 7-8 | A 8-9
```

A imesubiri 4, B 4, C 2, wastani 3.33. Ukitanguliza A, foleni inakua B, A, C, yani C inaanza kwenye 6 badala ya 4, inasubiri 4, na wastani unapanda unakua 4 kamili. Data ileile majibu mawili, na zote mbili hesabu zake ziko sawa! Nikapekua mifano ya lekchara nikaona yeye siku zote anamtanguliza mgeni, kwahiyo nafata hivyo na juu ya chati naandika sentensi moja ya kusema nimechukulia nini. Nadhani kwenye testi ndo hapa nilipopotezea maksi, maana jibu langu la mwisho lilikua tofauti na la wenzangu na sikuandika popote nimefata utaratibu gani.

Wiki ya pili ndo ilinitesa, semafo, zile namba za kuzuia na kuruhusu prosesi: `wait` inapunguza moja au inakulaza ikikuta 0, `signal` inaongeza moja au inaamsha aliyelala. Nilikua nimekariri ile kodi ya mzalishaji anaeweka vitu kwenye bafa na mlaji anaevitoa, ambapo `mutex` ni ufunguo wa bafa, `empty` inahesabu nafasi zilizo wazi na `full` inahesabu vitu vilivyomo, na ukikariri unaandika mistari yote ila mpangilio unateleza. Kwenye diskasheni ya Jumanne niliandika hivi ubaoni upande wa mzalishaji:

```
wait(mutex);
wait(empty);
weka(kitu);
signal(mutex);
signal(full);
```

Dada mmoja tunasoma nae akaniuliza, "Kaka, bafa ikiwa imejaa hapo inakuaje?" Nikaanza kufata mstari kwa mstari. Mzalishaji anachukua `mutex`, inakua 0. Anaenda `empty`, nayo ni 0 kwa kuwa bafa imejaa, analala palepale akiwa bado kashika `mutex`. Mlaji anakuja, `full` inampitisha bila shida, anafika `wait(mutex)`, analala na yeye. Wa kumwamsha mzalishaji ni mlaji, wa kuachia `mutex` ni mzalishaji, basi hakuna anaeamka tena, dedloki. Mi nimeielewa kwa stoo ya dukani kwetu: ni kama nimeingia na karatasi mpya nikajifungia na ufunguo ni mmoja, nasubiri rafu ipate nafasi, na mwenzangu anaetakiwa kuja kutoa karatasi yuko nje anasubiri ufunguo. Kwahiyo `wait(empty)` lazima itangulie, uhakikishe nafasi ipo ndo ushike ufunguo. Zile `signal` mbili ukizigeuza haileti dedloki kwa sababu `signal` hailazi mtu, na hilo nalo nimeliona linaulizwa.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba bafa ikiwa na nafasi kodi inaenda vizuri tu, huwezi kuliona. Toka siku ile kila kodi ya semafo naijaribu mara mbili kwa mkono, bafa ikiwa tupu na bafa ikiwa imejaa.

Wiki ya tatu, memori. Hapa dukani kulikua na msimu wa kuprinti ripoti, nikaongezewa shifti moja nikapata masaa 9 tu, kwahiyo nikakomaa na kubadilisha peji peke yake, yani fremu za memori zikijaa peji ipi itolewe. Swali la pasipepa lilitoa mfuatano 1 2 3 4 1 2 5 1 2 3 4 5, tumia FIFO kwa fremu 3 alafu fremu 4, na ueleze kwa nini peji folti, yani mara ambazo peji inatakiwa na haimo kwenye fremu, zimeongezeka. Mi nikapata 10 kwa fremu 3 na 8 kwa fremu 4, zimepungua! Swali linasema zimeongezeka kwahiyo tatizo ni langu. Kumbe kila peji ikikutwa tayari iko kwenye fremu nilikua naihesabu kama imeingia upya, naisogeza nyuma ya foleni, na hiyo ni LRU, inayotoa peji iliyokaa muda mrefu zaidi bila kutumika, sio FIFO. FIFO inaangalia peji imeingia lini basi, kutumika hakubadilishi kitu. Niliporudia nikapata 9 kwa fremu 3 na 10 kwa fremu 4, ndo ile hitilafu ya Belady, fremu zimeongezeka na folti nazo zimeongezeka. LRU haiwezi kufanya hivyo kwa sababu peji zilizomo kwenye fremu 3 wakati wowote zinakuwemo pia kwenye fremu 4.

Wiki hii ya nne sijasoma kitu kipya. Jumapili iliyopita na Alhamisi alfajiri nimefanya pasipepa nzima nzima kwa saa ya simu. Ya kwanza sikumaliza, swali la skejuling lilinila dakika 50 kwa sababu nilichora chati upya mara mbili. Ya pili nikaandika foleni pembeni kwanza kila prosesi inapobadilika, alafu ndo nachora, ikatoka dakika 30. Mafaili na diski nimepitia juujuu tu, swali lake likija kwenye ya kuchagua nitaliruka.

Shifti ya leo nimebadilishana na mwenzangu, nitamlipa Jumanne. Kesho naandika mzalishaji na mlaji mara moja bila kuangalia, napitia daftari la makosa, saa tatu usiku nimelala.