Nilivyopima umbali wa meli kwa rula na uzi

Ami yangu ni nahodha wa boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Changuu, Zanzibar. Siku moja tuko Forodhani akashikilia kwamba meli ya makontena iliyotia nanga nje ya bandari ya Malindi iko mbali kuliko Changuu yenyewe, yaani zaidi ya kilomita tano na nusu. Mimi nikabisha, na nikataka kuthibitisha bila kupanda boti.

Nilitoboa rula ya plastiki, nikafunga uzi, nikauuma kwa meno ili rula ikae sentimita 60 kutoka jichoni kila ninapopima. Manahodha wa majahazi wa zamani walitumia kibao chenye uzi wa mafundo, kamali, kwa njia hiyo hiyo kupima kimo cha nyota. Bila uzi, mkono hukunjuka na kukunjika, na hesabu yote inavurugika. Kifaa nilikihakiki kwa mwezi mpevu: umbali wake ni kama mara 110 ya upana wake, kwa hiyo kwa sentimita 60 lazima uzibwe na milimita tano na nusu hivi. Ikawa hivyo. (Watu wengi hudhani mwezi ni mkubwa zaidi ya hapo.)

Jina la meli nililisoma kwa darubini, nikatafuta urefu wake: mita 180. Pembe ndogo ikiwa katika radiani ni sawa na urefu wa kitu ukigawa kwa umbali wake, kwa hiyo:

umbali = urefu wa meli × 600 ÷ milimita za rula

Mara ya kwanza nilisoma milimita 16. Jibu ni mita 6,750, na ami akacheka kwa ushindi. Lakini nilipoitazama vizuri, meli ilikuwa imetugeuzia omo kiasi, na ubavu wake ulionekana umefupika. Meli ikiwa nangani huzunguka kufuata mkondo na upepo, maji yakigeuka nayo hugeuka. Ikionekana kimshazari, kipimo cha rula hupungua na umbali hujifanya mkubwa. Hakiwezi kukosea upande wa pili. Basi nikaendelea kupima maji yalipokuwa yanabadilika, nikachukua kipimo kikubwa kuliko vyote: milimita 27, ubavu wote wazi. Hapo ni 180 × 600 ÷ 27, yaani mita 4,000.

Kosa la milimita moja kwenye 27 ni kama asilimia nne, mita 150 hivi. Hata likiwa mara mbili yake, halifiki Changuu. Nilijaribu pia kutumia kimo badala ya urefu, kwa kuwa kimo hakibadiliki meli ikizunguka: makontena matano yaliyopandana ni karibu mita 13, lakini kwa umbali ule ni milimita mbili tu kwenye rula, na ukikosea moja umepoteza nusu ya jibu.

Ami alipopita kando ya meli ile na boti, jipiesi yake ilisoma kilomita 4.2 kutoka Forodhani. Akasema rula yangu ina bahati.