Nilivyokadiria kurasa za riwaya kabla haijapangwa

Ushauri niliopewa mwanzoni, tena na watu wengi, ulikuwa huu: gawanya idadi ya maneno kwa 300, utapata kurasa. Unaniudhi mpaka leo, kwa sababu kipimo hicho kimetokana na Kiingereza. Neno moja la kwetu, kama "wasingeyakumbuka", linabeba sentensi nzima na linakula nafasi ya maneno matatu manne ya wenzetu. Ukihesabu maneno, kitabu cha Kiswahili kitakuzidi kila mara. Hesabu herufi.

Muswada niliokuwa nao ulikuwa na maneno 60,000. Kwa kanuni ile ningemwambia mchapaji kurasa 200. Kwenye Word nilifungua Review, halafu Word Count, nikasoma mstari wa "Characters (with spaces)": 402,000. Yaani herufi 6.7 kwa kila neno, ukijumlisha nafasi na alama.

Sasa herufi ngapi zinaingia kwenye ukurasa mmoja? Wapo wanaopiga hesabu ya mistari mara herufi za mstari. Ukurasa wangu ulikuwa A5, pambizo ya ndani milimita 20, ya nje 15, ya juu 18 na ya chini 22. Fonti pointi 11, mstari hadi mstari pointi 14. Hapo inaingia mistari 34, kila mmoja herufi kama 66, jumla 2,244. Hesabu ni sahihi lakini jibu ni la uongo, kwa kuwa hakuna ukurasa wa riwaya unaojaa hivyo. Aya huishia katikati ya mstari, na mazungumzo ndiyo mabaya zaidi: mhusika akijibu "Sijui", mstari mzima umekwisha.

Nilichofanya ni kuandaa faili tupu lenye vipimo vilevile, kisha kumwaga humo vipande vitatu vya muswada: kimoja cha masimulizi matupu, kimoja chenye mazungumzo mengi, kimoja cha mchanganyiko. Nilichukua katikati ya sura, si mwanzo wala mwisho. Kurasa kumi zilizojaa zilibeba herufi 18,500, kwa hiyo 1,850 kwa ukurasa. Tazama tofauti yake na 2,244! Nafasi ya mstari iwekwe "Exactly", maana ukiacha "Single" kila fonti inajipangia urefu wake. Na sampuli iwe ya fonti ileile ya kitabu. Pointi 11 za Bookman ni pana kuliko pointi 11 za Times New Roman, kwa hiyo ukibadilisha fonti, pima upya.

402,000 gawanya kwa 1,850 ni 217 na kidogo, tuseme 218. Wengi huishia hapo. Riwaya ile ilikuwa na sura 20. Kichwa cha sura kinashuka theluthi ya ukurasa, na ukurasa wa mwisho wa sura, kwa wastani, nusu yake hubaki wazi. Kila sura inakula kama 0.83 ya ukurasa, jumla 17. Ukitaka kila sura ianzie upande wa kulia, ongeza nyingine kama kumi. Mimi sikutaka. Kurasa za mwanzo, yaani jina, haki za mwandishi, tabaruku, yaliyomo na dibaji, zilikuwa 8, na za mwisho 2. Jumla 245.

Mchapaji wa mashine kubwa hachapi 245. Karatasi yake ikikunjwa mara tatu inatoa kurasa 16, kwa hiyo ni 240 au 256. Kuchagua 256 ni kulipia kurasa 11 tupu katika kila nakala. Kupunguza fonti hadi 10 ni kuwaumiza wasomaji. Hapa ndipo ninapojivunia: nilishusha nafasi ya mstari kutoka pointi 14 hadi 13.6. Macho hayaoni tofauti, lakini ukurasa ulipata mstari wa 35. Maandishi yakashuka hadi kurasa 212, na jumla ikawa 239. Ukurasa mmoja ulibaki mweupe mwishoni.

Kwa mashine ndogo za kidijitali hili si tatizo kubwa, mara nyingi hutaka namba igawanyike kwa 2 au 4 tu. Uliza kabla.

Msanii wa jalada naye anasubiri namba hiyo. Kurasa 240 ni karatasi 120, na karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ni kama milimita 12. Mpe makadirio aanze kuchora, ila asifunge faili la jalada hadi kitabu kipangwe chote na mchapaji ataje unene wa karatasi atakayotumia.