Kumbukumbu ya mtungi wa kilo 6: lita ngapi, siku ngapi

Siku ya 1. Mama mkwe, aliyepikia mafuta ya taa miaka mingi hapa Kirumba, aliniuliza mtungi wetu mpya una lita ngapi, nami sikuwa na jibu, kwa kuwa gesi huuzwa kwa kilo. Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayeuza sangara mwaloni, nikaijaribu kwanza kwa lita 10 za maji ndani ya ndoo niliyokwisha kuipima ikiwa tupu. Ilipoongeza kilo 10 kamili, niliiamini.

Mtungi ulisoma kilo 13.8. Nilipotoa kilo 7.5, uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni baada ya herufi TW, nilipata gesi ya kilo 6.3, jambo lililonifurahisha hadi nilipogundua kwamba nilikuwa nimepima pamoja na regyuleta na mpira wake. Nilivifungua, nikapata 13.4, yaani gesi ya kilo 5.9. Kosa hilo dogo lingenidanganya kwa karibu siku mbili za kupika.

Gesi iliyomo mtungini ni kimiminika, na lita moja yake ina uzito wa takriban kilo 0.54. Hivyo 5.9 ÷ 0.54 ni lita 10.9. Jibu hili hubadilika kwa mchanganyiko wa propani na butani uliomo: propani tupu, yenye kilo 0.51 kwa lita, ingetoa lita 11.6, na butani tupu, yenye kilo 0.58, ingetoa 10.2. Kwa kuwa joto nalo hukitanua kimiminika, mtungi wangu wa ujazo wa lita 14.3 haujazwi hadi juu. Mama mkwe aliridhika na "lita kumi na moja kasoro kidogo"; mimi niliendelea na kilo, ambazo jua haliziongezi wala kuzipunguza.

Siku ya 8. Mizani imesoma 11.9. Tumetumia kilo 1.5 kwa siku saba, yaani gramu 214 kwa siku, na kwa mwendo huo gesi yote ingetutosha siku 27. Maharage ya Jumapili peke yake, yaliyochemka saa mbili na dakika arobaini bila kulowekwa, yalikula gramu 400, karibu matumizi ya siku mbili.

Siku ya 15. Wageni walikuja kutoka Ukerewe, maharage yakapikwa mara mbili, na mizani ikashuka hadi 10.1. Wastani sasa ni gramu 236 kwa siku, na kilo 2.6 zilizobaki zinatosha siku 11. Nimefuta 27 kwenye daftari na kuandika 25.

Siku ya 26. Moto umezimika asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka. Mtungi umesoma 7.5.